Tende laini na tini kavu: kuchagua, na kuzihifadhi zisigande sukari wala kuingia wadudu

Karibuni. Leo mezani nina kilo moja ya tende laini na nusu kilo ya tini kavu. Nitawaonyesha ninavyozikagua, kisha tuzifungashe pamoja.

Tuanze na tende. Ishike kwa vidole viwili, uibonyeze kidogo. Tende nzuri inabonyea, ikabaki na alama ya kidole, lakini haimwagi asali. Ikitoa majimaji yanayonata, inusishe. Harufu ya siki au ya pombe ina maana imeanza kuchacha, iache. Mikunjo haina neno. Hata ganda lililovimba na kuachana na nyama lisikutishe, maana hilo hutokea tende inapoiva na halibadilishi ladha. Ninachokikataa ni ganda lenye tundu dogo la mviringo, hasa karibu na kikonyo. Hapo kuna aliyeingia, au aliyetoka.

Tini nazo zibonyeze, kisha uzikunje kidogo. Ikipasuka kama ngozi kavu, hiyo imezeeka. Halafu igeuze utazame kitundu cha chini. Wadudu hupenda kupitia hapo. Ukiona unga mweusi au wa kahawia, au nyuzi nyembamba kama za buibui, usiinunue. Zile nyuzi ni utando wa viwavi wa nondo, na ule unga ni kinyesi chao.

Sasa sogea karibu na kamera, maana hapa ndipo watu wengi hutupa chakula kizuri au hula kibaya. Tini hii ina weupe juu. Ni sukari au ni ukungu? Chukua tone la maji ya uvuguvugu, lidondoshe juu ya weupe, usugue taratibu kwa kidole. Unaona? Umeyeyuka wote. Hiyo ni sukari. Ukungu hauyeyuki: una manyoya, mara nyingi una rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, na unanuka uvundo. Yenye ukungu itupe nzima, usikate kipande kilichooza ukala kilichobaki, kwa sababu sumu ya ukungu huenda ikawa imeshapenya ndani. Ndani ya tende pia, ukipasua ukakuta vumbi jeusi kandokando ya kokwa, itupe. Ndiyo maana mimi huipasua kila tende kabla ya kuila.

Ile sukari inatoka wapi? Ni ya tunda lenyewe. Tende laini ina glukosi nyingi, na maji yanapopungua, au zikikaa muda mrefu, glukosi hujitenga na kuwa chembe ngumu zinazokwaruza meno. Hazina madhara. Ila tukizuia maji yasitoke na kuziweka kwenye baridi ya kutosha, tunazichelewesha sana.

Basi tufungashe. Kilo hii naigawa mafungu manne ya gramu 250, ili nisifungue akiba yote kila ninapotaka chache. Sizioshi sasa, maji ya juu yanaleta ukungu. Nazipanga kwenye mfuko mzito wa friza, nakandamiza hewa yote itoke, nafunga. Kisha huo mfuko naingiza kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana, maana viwavi wengine hutoboa plastiki nyembamba, na tende hunyonya harufu ya vitunguu kwa haraka. Tini nazifanya vivyo hivyo.

Vyote viende friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa wiki nzima. Usikatishe siku ya pili. Baridi lazima ifike katikati ya fungu, na iue mayai, si viwavi pekee. Friji ya kawaida haiwaui, inawapunguzia kasi tu.

Baada ya wiki, fungu moja lihamie kwenye friji, la kula wiki chache zijazo. Yaliyobaki yabaki friza, yatadumu hata mwaka. Tende hazigandi zikawa mawe, kwa hiyo usishangae ukizikuta bado zinabonyea.

Ukitoa fungu, usilifungue papo hapo. Liache limefungwa mezani mpaka ubaridi wote uishe. Unyevu wa hewa utatanda nje ya mfuko, kama huu hapa, badala ya kutua juu ya tende.

Na zile zilizokwisha kuganda sukari? Zipange kwenye chujio juu ya maji yanayochemka, funika, dakika tatu hadi tano. Onja moja: zikiwa bado zinakwaruza, ongeza dakika mbili. Zitalainika, lakini chembe zitarudi baada ya siku kadhaa, basi pasha kwa mvuke zile tu utakazokula leo au kesho.