Aliye Mbali Naye Ashike Udongo: Mazishi kwa Simu ya Video

Ndugu wanakamati, tuchukue msiba mmoja tuutazame hatua kwa hatua. Bibi amefariki Rombo, mwezi wa Julai. Ibada ni nyumbani saa 8 mchana, kaburi limechimbwa kihambani, hatua chache kutoka uani. Mwanawe wa kwanza yuko Muscat, binti yuko London, mjukuu yuko Minneapolis.

Kosa la kwanza hutokea kwenye mwaliko. Mnaandika "saa 8", na mjukuu aliyekulia Marekani anasoma saa mbili asubuhi. Andikeni "saa 8 mchana (14:00)", kisha mtajeni kila mtu kwa saa ya kwake: Muscat 15:00, London 12:00, Minneapolis 06:00 alfajiri. Desemba msirudie hesabu hiyo, maana Uingereza na Marekani hurudisha saa nyuma. London itakuwa 11:00 na Minneapolis 05:00. Na kiungo cha kuingilia kwenye simu ya video kisimfikie mtu kabla ya sauti ya ndugu. Mpigieni kwanza, apewe pole, ndipo mtume.

Chombo gani? Simu ya kundi ya WhatsApp ina kikomo cha watu 32, na ukoo mkubwa haukai humo. Zoom ya bure inapokea watu 100 lakini hukata baada ya dakika 40, na mara nyingi hukata wasifu wa marehemu ukiwa katikati. Lipieni mwezi mmoja tu, au mkubaliane mapema kwamba ikikatika wote wanaingia tena kwa kiungo kilekile.

Sasa mshika simu. Asiwe mtoto wala mjukuu wa karibu, kwa sababu jeneza likishuka atalia, na simu itaonyesha nyasi. Mchagueni jirani au shemeji mtulivu, mpeni stendi ya simu, pawabenki iliyojaa na bando la GB 5 hivi kwa saa tatu. Simu ikae kivulini: ikikaa juani huku inachaji hupata joto, picha huanza kukwama, mwisho hujizima. Siku moja kabla, kwenye saa ileile, asimame penyewe kaburini apige simu ya majaribio ya dakika kumi. Mtandao unaopatikana uani waweza kupotea bondeni, na laini ya kampuni nyingine ikaushika vizuri.

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo: sauti. Mfiwa huvumilia picha mbaya, lakini asiposikia huondoka. Zoom hufuta kelele ili mazungumzo yasikike, na kwaya, ngoma na kilio huviona kuwa kelele. Ndiyo maana walio mbali husema wimbo "unakatika-katika" ingawa mtandao ni mzima. Kwenye simu ya mshikaji washeni `Original Sound`. Asimame mita mbili hivi kutoka spika, pembeni yake, si mbele kabisa ambako sauti hupasuka. Wageni wote wazimiwe vinasa sauti kwa `Mute All`, la sivyo redio ya jikoni London itaingia kwenye sala.

Kutazama peke yake si kuzika. Mpeni MC ratiba yenye majina yao. Wakati wa mashada aseme, "Shada la watoto walio mbali," na mpwa aliyeteuliwa aliweke, kamera ikimfuata mkononi. Vivyo hivyo kwenye udongo: mpwa anataja jina la mjomba wa Muscat kwa sauti, ndipo anatupa. Salamu zao zirekodiwe usiku uliotangulia, dakika mbili kila mmoja, zihifadhiwe kwenye simu inayounganishwa kwa waya na mashine ya muziki. Simu nyingi mpya hazina tundu la waya huo, kwa hiyo tafuteni adapta mapema. Aliye mbali asiongoze sala ya kujibizana. Sauti huchelewa sekunde moja au mbili, "Amina" ya uani ikamkuta ameshaanza sentensi nyingine.

Wakati wa kuaga mwili, familia iamue kabla kama uso utaonyeshwa. Wakikataa, kamera ielekee picha ya marehemu, na wageni waambiwe hivyo wasidhani mtandao umekatika. Waombeni pia wasirekodi skrini.

Rambirambi zipokelewe kwa namba moja, na mwaliko utaje jina litakalotokea kabla ya kuthibitisha. Matapeli hutuma namba za uongo kwenye makundi siku hiyohiyo. Mweka hazina aandike majina kwenye daftari lilelile la waliochangia pale uani.

Kaburi likishafukiwa, msikate. Mpelekeni simu mama mkubwa alipokaa mkekani, kinasa cha mwana wa marehemu aliye Muscat kifunguliwe, na mshikaji asogee kando.