Kivuli cha Kigoda: Kuweka Kitu cha Blender Ndani ya Picha

Habari za jioni, ndugu zangu. Picha mnayoiona ukutani ni ya baraza: sakafu ya saruji nyekundu, nguzo upande wa kushoto, ndoo karibu na ukingo, na jua la saa tisa alasiri. Tunataka kuweka hapo kigoda cha mbao ambacho seremala bado hajakichonga. Mteja anataka kwanza kukiona kikiwa barazani kwake.

Kamera nitaipitia haraka. Simu imeandika lenzi ya milimita 26, kwa kipimo cha filamu ya 35. Picha yetu imelala na ina uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo upana wa kihisi kwenye Blender tunaandika 34.6 badala ya 36. Kisha tunatandaza `Plane` na kuigeuza kamera mpaka kingo za bapa hilo zilale juu ya kingo za sakafu. Hapo tunachagua Cycles, tunawasha `Transparent` chini ya `Film`, na kwenye bapa tunawasha `Shadow Catcher`. Bapa linatoweka na kubakiza kivuli tu.

Sasa mwanga, na hapa nataka tukae. Ramani ya mazingira ni picha ya duara zima, iliyopigwa mahali hapohapo, tunayoiweka kwenye `Environment Texture`. Paul Debevec alieleza misingi ya njia hii mwaka 1998: mazingira ya mbali yatoe mwanga, sehemu ya karibu iigwe kwa umbo rahisi, kisha kitu cha kubuni kiwekwe juu yake.

Tukirenda kwa ramani peke yake, angalieni. Rangi ya mbao ni nzuri, lakini chini ya kigoda kuna weusi hafifu uliosambaa bila ukingo, ilhali kivuli cha nguzo kimekatika wazi. Hiyo ndiyo dalili kwamba jua limekatwa ndani ya ramani. Jua lina upana wa nusu digrii tu angani, sehemu moja hivi kati ya 90,000 ya anga tunaloliona. Ili eneo dogo namna hiyo litoe mwanga kulishinda anga lote, lazima thamani zake ziwe kubwa mno, na ramani nyingi hazizifikishi. Ikiwa ni JPEG ya kawaida, jua na ukuta mweupe vyote vinaishia 255.

Kuongeza `Strength` ya ramani hakusaidii, maana anga nalo linapanda pamoja na jua. Tunaongeza taa ya `Sun` na kuweka `Angle` 0.53. Mwelekeo wake unapimwa kwenye picha yenyewe: ndoo ile ina kimo cha sentimita 30 na kivuli chake sentimita 30, basi jua liko digrii 45. Kisha ramani nayo tunaizungusha kwa `Mapping` kwenye Z, hadi sehemu yake yenye jua iwe upande uleule.

Nguvu ya taa msiikisie. Fungueni picha kwenye `Image Editor`, mkasome thamani za sakafu za `linear`, yaani za mwanga wenyewe, kwenye jua na kwenye kivuli cha nguzo. Hapa ni kama 0.50 na 0.10. Anga peke yake linatoa 0.10, jua linaongeza 0.40, yaani jua ni mara nne ya anga. Kinasa kivuli, yaani bapa lile la `Shadow Catcher`, kinafanya kazi kwa uwiano huo: kinalinganisha sakafu yenye kigoda na sakafu isiyo na kigoda. Jua likizidi, kivuli kinakuwa cheusi kuliko vyote vilivyomo pichani, na jicho linakitambua mara moja.

Mteja akitaka kigoda kisogezwe karibu na nguzo, kivuli chake kitaangukia mahali ambapo jua tayari limezibwa, na weusi utajumlishwa mara mbili. Chongeni nguzo ya umbo rahisi pale ilipo, nayo muiwashie `Shadow Catcher`. Tangu Blender 3.0 Cycles inaichukulia kama kitu halisi, haitoi kivuli kipya juu ya sakafu, lakini inakizuilia kigoda jua.

Bapa pia lipeni rangi nyekundu ya sakafu. Tumbo la kigoda linapokea mwanga unaodunda kutoka chini, na bapa la kijivu litalifanya lionekane limetoka mahali pengine.

Mwisho ni kuunganisha kwa `Alpha Over`, picha ikiwa chini na kigoda juu. Tangu toleo la 4.0 `View Transform` huanza na AgX, ambayo itafifisha picha ya mteja iliyokwisha kusindikwa na simu. Wekeni `Standard`. Mkiona sehemu ya kiti imeungua kuwa nyeupe tupu, punguzeni ramani na taa kwa kiasi kilekile, ili ule uwiano wa moja kwa nne usivunjike.