Kakao Mbili, Beking Soda Moja: Kwa Nini Keki Yako Ina Ladha ya Sabuni

Karibuni jikoni. Leo nina vibakuli viwili mezani. Hiki cha kushoto kina kakao ya asili: rangi ya udongo mwekundu uliofifia, na ukiilamba inakuuma kidogo ulimi. Cha kulia kina kakao iliyotiwa alkali. Iko karibu na rangi ya kahawa iliyokaangwa sana, na ladha yake imetulia. Dukani zote zinaandikwa kakao tu, na balaa linaanzia hapo.

Ule ukali wa kakao ya asili ni asidi. Mbegu za kakao, kama zile za Kyela, zikitolewa kwenye tunda huchachushwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa, na humo ndimo siki inamoingia. Mholanzi van Houten, katika karne ya 19, alianza kuitia kakao chumvi za alkali ili asidi ipungue na unga uchanganyike vizuri na maji. Leo kinachotumika mara nyingi ni kaboneti ya potasiamu. Wanaochuja maji ya majivu kwa ajili ya mboga wanaijua dawa hiyo, ila hawaiiti hivyo.

Sasa tujaribu. Chukua vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, kwa sababu maji ya moto huifanya soda itoe povu hata bila asidi na jaribio litakudanganya. Weka kijiko cha chai cha kakao ya asili kwenye kimoja, na ile nyeusi kwenye kingine. Koroga, kisha tia robo kijiko cha chai cha beking soda kila kikombe. Tazameni huku kushoto: vipovu vidogo vinapanda, na rangi inazidi kukolea. Huku kulia, karibu kimya. Soda haina wa kupambana naye.

Kama pakiti bado unayo, soma viambato. Ukiona neno alkali, au E501, au E500, hiyo imeshatiwa.

Tuingie kwenye keki. Kwa sufuria ya inchi nane: unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, kakao nusu kikombe, sukari kikombe kimoja, mayai mawili, mafuta nusu kikombe, maziwa mabichi kikombe kimoja, chumvi kidogo. Angalia, hakuna mtindi wala siki.

Kwa kakao ya asili, weka beking soda nusu kijiko cha chai na beking pauda kijiko kimoja cha chai. Ile pauda ipo kwa sababu asidi ya kakao peke yake si nyingi kiasi cha kuinua keki nzima. Kwa kakao yenye alkali, acha soda kabisa, weka beking pauda vijiko viwili vya chai. Pauda inakuja na asidi yake ndani.

Chunga vitu vikavu pamoja, kakao hupenda kufanya madonge. Piga mayai na sukari, ongeza mafuta na maziwa, mimina kwenye vikavu, koroga mpaka unga usionekane tu. Usiende kupokea simu: soda huanza kazi ikilowana, na hewa iliyotoka haisubiri oveni. Nyuzi 180, dakika 30 hadi 35, kijiti kitoke kisafi.

Mwaka fulani nilioka keki ya bethidei ya mtoto wa dada yangu kwa kakao nyeusi na kijiko kizima cha soda, hakuna tindikali yoyote. Ilitoka nyeusi ya kuvutia, imekaa chini kama chapati, na shangazi mmoja akauliza kama sufuria iliogeshwa vizuri. Alikuwa na haki. Soda isiyopata asidi, ikipigwa na joto, hubadilika kuwa kaboneti ya sodiamu, ambayo ndiyo imo kwenye magadi. Kama umewahi kula maharage yaliyozidi magadi, ladha ni ile ile.

Kinyume chake hakina madhara. Resipe ya beking pauda tupu ukiitia kakao ya asili, keki itaumuka, itakuwa tu nyepesi kwa rangi na kali kidogo ulimini.

Na kama resipe yako ina soda pamoja na mtindi, huku umeshika kakao nyeusi? Usiiondoe soda. Mtindi unaleta asidi yake, na kikombe kimoja cha mtindi kinatosheleza takriban nusu kijiko cha chai cha soda. Resipe ikidai zaidi ya hapo, punguza soda hadi nusu kijiko cha chai, na uongeze kijiko kimoja cha chai cha beking pauda.

Haya, za leo zimepoa. Ngoja nizikate muone ndani.