Zabibu Ana Pande Ngapi?
Mhadhara kwa wachoraji chipukizi wa katuni, Dodoma

Mbukwenyi!

Naona mmeitika vizuri, basi tukae. Leo sitafundisha kuchora. Nimekuja na msichana mmoja wa miaka saba, anaitwa Zabibu, anaishi kwa bibi yake huko upande wa Hombolo, na ndiye shujaa wa katuni ya watoto ninayoitayarisha. Nataka niwaonyeshe karatasi yake: ilivyoanza, ilivyoharibika, na ilivyo sasa.

Karatasi ya mhusika si picha ya kutundika ukutani. Ni maelekezo kwa mtu atakayemchora Zabibu wakati wewe umelala. Na atamchora mara nyingi. Animesheni huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, na kwa kawaida mchoro mmoja tunaushikilia fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja ni michoro 12. Kipindi cha dakika kumi kina sekunde 600. Zabibu akionekana nusu tu ya muda huo, ni michoro 3,600 ya Zabibu peke yake. Katika rasimu yangu ya kwanza gauni lake lilikuwa na vifungo vitano. Pigeni hesabu: vifungo 18,000. (Kicheko.) Vifungo vikaondoka siku hiyohiyo.

Urefu wake ni vichwa vitatu. Maana yake ukipima kichwa chake toka utosini hadi kidevuni, kipimo hicho kinaingia mara tatu toka utosini hadi ardhini. Kidevu kipo kwenye theluthi ya kwanza, nyonga kwenye ya pili, nyayo kwenye ya tatu. Mtu mzima halisi hufika vichwa saba na kitu, lakini mtoto wa katuni akipewa vichwa vitano tayari anaonekana kijana wa sekondari.

Sasa njooni kwenye mzunguko, yaani yule yule amesimama vile vile, ila anageuka: mbele, robo tatu, ubavu, robo tatu ya nyuma, na nyuma. Ninaanza na mbele, kisha ninapitisha mistari mlalo karatasi nzima: utosi, macho, kidevu, nyonga, magoti, ardhi. Picha ya pili ninayochora ni ubavu, si robo tatu. Robo tatu hudanganya. Ukiichora kabla hujaamua kisogo kimetokeza kiasi gani na tumbo limechomoza kiasi gani, unabahatisha.

Hapo kwenye ubavu ndipo Zabibu wangu alipovunjika. Nywele zake nilikuwa nimezifunga mafungu mawili ya mviringo, moja juu ya kila sikio. Kwa mbele alipendeza: mipira mitatu, mmoja mkubwa kati ya midogo miwili. Mtoto wa miaka minne angemtambua kwa kivuli tu. Nikamchora ubavu. Fungu la upande wa kwetu likaangukia katikati ya kichwa, la upande wa pili likajificha. Nikajaza mchoro mzima rangi nyeusi, kama ninavyofanya kila mara, na nilichobaki nacho ni boga juu ya gauni. Kipara!

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ujanja wa masikio ya Miki Mausi: kichwa kikigeuka, masikio yanabaki duara mbili zinazoonekana, hata kama kwa mwili wa kweli haiwezekani. Ukichora kwa mkono, ujanja huo unafanya kazi. Ila siku mtakapotaka kumjenga Zabibu kwa pande tatu ndani ya kompyuta, nywele zitalazimika kuteleza juu ya fuvu kila anapogeuka, na huyo mjenzi atawalaani. Nikachukua njia ya pili: nikayapandisha mafungu, nikayarudisha nyuma kidogo ya utosi. Sasa kwa ubavu moja linachomoza juu ya kisogo, na la pili linachungulia nyuma yake. Kwa mbele yamepoteza uzuri kidogo, nakiri. Lakini kivuli chake kinasomeka pande zote.

Kuna kosa lingine ambalo mistari mlalo haiwezi kulikamata. Sisi wachoraji tuna tabia ya kuchora kichwa cha ubavu kwa upana uleule wa mbele, wakati kichwa cha binadamu, toka paji la uso hadi kisogo, ni kirefu kuliko upana wake toka sikio hadi sikio. Kulijua kosa hilo, usiziangalie picha zikiwa zimepangwa. Zipange moja juu ya nyingine kwenye Krita au programu yoyote ya animesheni, kisha zipitishe haraka kama sinema. Kichwa kikikosea, utakiona kinapumua: kinanywea, kinavimba. Macho yakipanda na kushuka, unajua mstari wa macho haukuheshimiwa.

Na kibuyu. Zabibu amening'iniza kibuyu kidogo cha maji kwenye nyonga ya kushoto, kwa kamba inayopita bega la kulia. Hapo nina kidonda. Katika kazi moja ya zamani, mhusika wetu alikuwa na mkoba upande mmoja, na karatasi ilikuwa na picha tano, zote zikigeukia mkono mmoja. Mchoraji mwenzetu alipotaka mhusika atazame upande wa pili, akafanya ambacho kila mtu angefanya: akaigeuza picha kama kwenye kioo. Mkoba ukahama nyonga. Tukagundua baada ya kupaka rangi, na tukarudia matukio mawili. Picha tano zinatosha kwa mhusika aliye sawa kushoto na kulia. Akiwa na kitu upande mmoja, ongeza ubavu wa pili na robo tatu zake, ziwe nane. Na uandike pembeni: kushoto kwake, si kwako.

Tuje kwenye nyuso. Ukitafuta mifano utapata safu ileile: furaha, huzuni, hasira, woga, mshangao. Chora hizo, hazina neno. Lakini mtoto wa Hombolo ana nyuso ambazo hazimo humo. Anapomwamkia babu, "Shikamoo", macho yanashuka, kope zinafunika nusu ya mboni, kichwa kinainama kidogo. Nilipompa mchoraji mmoja tukio hilo bila kumwonyesha uso wake, alinirudishia mtoto mwenye huzuni. Hakukosea kivivu, kwenye karatasi yangu macho yaliyoshuka yalikuwa huzuni tu. Tofauti iko kwenye nyusi. Katika huzuni ncha za ndani za nyusi hupanda. Katika shikamoo nyusi zimetulia mahali pake na pembe za mdomo ziko sawa. Sasa nyuso hizo mbili zimekaa jirani kwenye karatasi, makusudi, ili mtu azione pamoja.

Uso mwingine ni wa kusonya. (Mtu mmoja ukumbini anasonya, kicheko.) Huyo huyo, tumtazame! Midomo imebanwa na kusukumwa mbele, shavu limeingia, macho yamekwenda pembeni. Zabibu anasonya mbuzi wake anapomtoroka, hasonyi wakubwa, na hilo pia limeandikwa. Mipaka ni sehemu ya karatasi. Nimeandika vilevile kwamba akishangaa taya linashuka, kwa hiyo mstari wa kidevu unavukwa, lakini mstari wa macho hausogei. Bila hilo mchoraji atafungua mdomo ndani ya uso usiobadilika urefu, na utaonekana kama tundu lililotobolewa.

Midomo ya kusema nitaipita haraka, kwa sababu Kiswahili kimetuhurumia. Irabu ni tano na karibu kila silabi inaishia kwenye irabu, basi maumbo matano yanabeba mazungumzo mengi. Ongeza mdomo uliofumba wa m, b na p, meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, na ulimi unaoonekana kwa l, th na dh. Yako nane. Usilopaswa kulikosa ni lile la kufumba. Mhusika akisema "mama" bila midomo kukutana, hata mtoto anayeangalia atahisi sauti ni ya mtu mwingine.

Rangi sasa, na hapa nitakaa, maana Dodoma ina vituko vyake.

Gauni la kwanza la Zabibu lilikuwa la rangi ya chungwa iliyoiva, `#B5502A`. Kwenye karatasi nyeupe lilikuwa zuri sana. Nikamsimamisha juu ya udongo wetu mwekundu, `#A65A35`, akayeyuka. Macho yanaweza kubishana, kwa hiyo hupima ung'avu, yaani rangi ikigeuzwa kijivu inabaki nyeupe au nyeusi kiasi gani, kutoka 0 hadi 255. R, G na B ni nyekundu, kijani na bluu iliyomo ndani ya rangi hiyo:

```
kijivu = 0.299*R + 0.587*G + 0.114*B
```

Udongo ulitoa 109, gauni 106. Hakuna tofauti. Ngozi yake, `#6B4226`, ni 75, hiyo haikunisumbua.

Nikahamia njano, `#F2C230`: 192. Juu ya udongo aling'aa kama taa, nikashangilia. Kisha likaja tukio la Agosti. Ninyi mnaijua Agosti ya hapa: nyasi zote zimekauka, zina rangi ya mabua. Nyasi zangu, `#D9BE7C`, ni 191. Akayeyuka tena!

DADA MMOJA UKUMBINI: Kwa nini usimpe kijani, kaka? Kiangazi hakuna kijani.

Nilijaribu, dada yangu. Lakini yeye anashinda shamba la mizabibu, na masika nyasi nazo zinachipua. Majani ya mzabibu niliyoyachora yana 111, na hata ukiichagua kijani iliyo mbali nayo kwa ung'avu, bado mtoto na shamba ni familia moja ya rangi. Zambarau nzito ya zabibu zenyewe ikanivutia kwa sababu ya jina, ila ilikuwa 53, karibu mno na ngozi. Mikono ikipita mbele ya gauni haionekani.

Nilichoishia nacho ni zambarau iliyopauka, `#C07FC8`. Kijivu chake ni 155. Udongo na majani viko chini yake kwa zaidi ya 40, nyasi kavu ziko juu yake kwa 36, ngozi iko mbali kabisa, na wala hakuna udongo, jani au nyasi ya hapa yenye rangi hiyo. Kibuyu na katambuga vimekuwa kahawia tofauti mbili. Rangi zote ni saba, kila moja na namba yake, na pembeni kuna safu ya pili ya saba zilezile kwa usiku, ili mtu asikadirie kiza kwa macho yake.

Karatasi zenu zina picha nane, nyuso kumi, midomo nane na safu mbili za rangi. Mchoreni Zabibu akiwa amechuchumaa, ameupa mgongo mlango, anamfungua mbuzi kamba. Nusu saa. Ruksa kuangalia karatasi mara mia, ila mimi msiniulize chochote. Kila swali litakalowajia liandikeni nyuma, maana hayo ndiyo yamekosekana kwenye karatasi yangu.