Hoja Inayochechemea Ikae Wapi

Asante, mwenyekiti. Nimepewa dakika 30, na wale walionisikia mwaka jana wameshaanza kucheka kwa sababu wanajua nitaanzia wapi. Ndiyo, naanzia kwenye uji. Mtanivumilia.

Mambo ya kusimama wima, kutazama watu usoni na kupaza sauti mmeyamaliza asubuhi. Mimi nina swali moja tu. Mwanafunzi wako ana hoja tano mfukoni. Nne zinatembea vizuri, ya tano inachechemea. Hiyo ya tano aiweke wapi? Nimewauliza walezi wa vilabu vya midahalo swali hili mara nyingi, na wengi hujibu hivi: aiweke mwishoni, watu wameshachoka, haitaonekana.

Ndugu zangu, huko mwishoni ndiko inakoonekana kuliko kwingine kote.

Nilikuwa mwalimu wa taaluma katika shule moja ya msingi, jina lake halitusaidii hapa. Watoto walikuwa wanatoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu mdomoni. Tukaitisha mkutano wa wazazi chini ya mwembe ili tuwaombe debe moja la mahindi kwa kila mtoto, tuanze kupika uji. Mkuu wa shule akasema, wewe ndiye unayejua kuongea, simama wewe. Nami nilijiona najua kweli.

Nikapanga hoja zangu kama mfanyabiashara anavyopanga nyanya sokoni, nzuri mbele, zilizopondeka nyuma. Nikaanza na daftari la mahudhurio. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa amehesabu watoto wake mara mbili kwa siku kwa wiki nzima, asubuhi na baada ya mapumziko ya saa nne. Kila siku waliorudi darasani walikuwa wachache kuliko walioingia asubuhi. Wengine walikwenda kutafuta maembe, wengine walirudi nyumbani moja kwa moja. Nikawasomea siku baada ya siku. Palikuwa kimya, hata kina mama waliokuwa wananong'ona wakanyamaza. Nikaendelea na mavuno: mahindi ndiyo kwanza yametoka shambani, debe la leo halimuumi mtu kama debe la Februari. Nikasema jiko lipo, sufuria ipo, chumba cha kuhifadhia kina kufuli, mpishi amepatikana.

Hapo nilipaswa kukaa. Lakini nilikuwa nimebakiwa na mstari mmoja kwenye karatasi, na mtu mwenye karatasi hawezi kuacha mstari. Nikasema, "Na la mwisho, ndugu wazazi, watoto wakila, ufaulu wa darasa la saba utapanda."

Mzee mmoja akasimama taratibu, akavua kofia. "Mwalimu, nimekusikia. Wenzetu wa ng'ambo ya mto wanakunywa uji mwaka wa pili huu. Mtihani uliopita, wao na sisi, nani alikuwa juu?"

Nikajibu, "Sisi, mzee."

"Basi mwalimu, uji wao nani alipika?"

Mwembe mzima ukacheka. Hata mkuu wa shule alicheka, nilimwona. Mkutano ukaisha kwa maneno ambayo kila mtu hapa anayafahamu: tukalitafakari kwanza.

Sasa angalieni kilichotokea. Hakuna aliyegusa daftari. Hakuna aliyebisha kuhusu mavuno wala jiko. Hoja zangu zote nzuri zilibaki zimesimama pale pale, na hazikunisaidia kitu. Mtu anayeinuka kukujibu hushika kile ambacho bado kinamlia sikioni, nacho ni ulichosema mwisho. Akikiangusha, wasikilizaji hawasemi "ameangusha moja kati ya tano." Wanasema, kama hilo ndilo alilofungia, hayo mengine yana nini?

Niliporudi kwenye vitabu nikakuta nimeonywa zamani sana. Kwintiliano, mwalimu wa wasemaji kule Roma katika karne ya kwanza, anakubali kwamba mpangilio hubadilika kulingana na shauri lenyewe. Lakini mpangilio mmoja anaukataa waziwazi: hotuba isianze na hoja nzito kabisa kisha ikashuka ngazi hadi kwenye nyepesi kabisa. Ndio ule nilioufanya mimi chini ya mwembe, wa nyanya.

Warumi walipenda mfano kutoka kwa Homeri, mshairi wa Wagiriki wa kale. Mzee Nestori anapanga jeshi lake: mbele anaweka wapanda magari ya vita ya kukokotwa na farasi, nyuma askari wa miguu wengi na hodari wawe ukuta, na waoga anawaweka katikati. Watu husimulia mfano huu kana kwamba waoga wamefichwa. Sivyo. Homeri anasema wamewekwa katikati ili hata asiyetaka alazimike kupigana. Mbele kuna watu, nyuma kuna watu, atakimbilia wapi? Hoja nyepesi ikikaa katikati haijifichi, inabebwa. Kilichotangulia kimeshamfanya msikilizaji akuamini kidogo, na kinachofuata kinakuja kabla hajapata nafasi ya kuichunguza peke yake.

Naona mwalimu pale anakunja uso. Najua unachotaka kusema: kwamba nawafundisha watoto kuchomekea uongo katikati ya ukweli. Hapana, na hapa ndipo nagombana na vitabu vingi vya midahalo, maana vinasema "hoja dhaifu" kana kwamba udhaifu ni wa aina moja. Kuna hoja nyepesi, na kuna hoja yenye ufa. Hoja nyepesi ni ya kweli ila haina uzito wa kumhamisha mtu. Sufuria ipo: kweli ipo, lakini nani atatoa debe la mahindi kwa sababu ya sufuria? Hoja yenye ufa ni ile ambayo mtu mwenye habari akiishika inapasuka mkononi. Ile ya ufaulu ilikuwa na ufa. Sikuwa na ushahidi wowote zaidi ya kutamani, na ushahidi wa kunipinga ulikuwa ng'ambo ya mto.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Mpe mwenzako hoja hiyo akupinge kwa sentensi moja. Akisema "sawa, lakini hilo ni dogo," una hoja nyepesi. Akisema "si kweli, angalia pale," una ufa. Yenye ufa haiwekwi mwanzo, haiwekwi katikati, haiwekwi mwisho. Inaachwa nyumbani.

Na nyepesi je, kwa nini nazo tusiziache? Kwintiliano ana mfano mzuri wa hili. Mtu anashtakiwa kwa mauaji. Alikuwa na tumaini la kurithi, tena urithi mkubwa. Alikuwa maskini. Wadai wake walikuwa wanambana. Alikuwa amemkosea yule aliyemwandika mrithi, na alijua wosia uko karibu kubadilishwa. Chukua moja moja na hakuna kitu: maskini wangapi hawaui mtu? Zikusanye, zipige pamoja. Anasema hazitachoma kama radi, lakini zitaumiza kama mvua ya mawe. Kwa hiyo hoja nzito isimame peke yake na ipewe muda wake. Nyepesi zitembee kwa kundi, haraka, bila kusimama kwenye yoyote. Ukisimama dakika mbili ukiisifu sufuria umeitenga na wenzake, na mzee atavua kofia.

Haya, mkutano wa pili. Wiki mbili baadaye kamati ya shule ikaitisha tena. Nikaanza na daftari, peke yake, polepole. Halafu nikafanya jambo ambalo mara ya kwanza nililikwepa. Kila mzazi pale alijua kwamba tangu 2016 elimu ya msingi ni bila malipo, na wengi walikuwa wamekaa na neno hilo ulimini wakisubiri nimalize. Nikalisema mwenyewe: "Serikali imesema elimu bila malipo, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya debe. Ndiyo maana tumekuja kuomba, hatukuleta bili." Nikaona mikono miwili iliyokuwa inajiandaa ikishuka. Udhaifu wako ambao kila mtu anaujua usiuache kwa mpinzani, lakini usianze nao pia. Uutaje baada ya hoja ya kwanza kushika.

Kisha mvua ya mawe, pumzi moja: jiko, sufuria, kufuli, mpishi. Nikafunga na mavuno, kwa sababu hoja ya mavuno ilikuwa na tarehe ndani yake. Sentensi yangu ya mwisho ilikuwa, "Debe moja, kabla ya Jumamosi, kwa katibu wa kamati." Ufaulu sikuutaja. Safari hii waliosimama waliuliza kama wanaweza kuleta mtama badala ya mahindi, na nani atashika ufunguo. Wakiuliza ufunguo atashika nani, mmeshavuka. Mahindi yakaja, si ya wote, lakini sufuria ikapata kazi.

Mtasema nilimtembelea yule mzee kabla. Nilimtembelea! Na kumwamkia nilimwamkia, na chai nilikunywa. Sidai kwamba mpangilio peke yake ulileta mahindi. Nadai kwamba mpangilio wa kwanza peke yake uliyazuia.

Mwenyekiti ananionyesha kadi ya dakika tano, kwa hiyo niruke mbele hadi kwenye kengele. Watoto wetu wanapenda kuitunza hoja yao kali kabisa iwe ya mwisho, kisha kengele inalia wakiwa kwenye ya tatu. Nimeona mtoto akikaa chini na hoja bora ya mdahalo mzima ikiwa bado kwenye karatasi. Kwa hiyo nzito kuliko zote iwe ya kwanza, inayoifuatia kwa uzito iwe ya mwisho, na kengele ya onyo ikilia mtoto akate katikati, popote alipofika, aende kwenye ya mwisho. Nyepesi zikikatwa na kengele hakuna aliyelia. Wafanye zoezi la kukatwa: wewe gonga meza ghafla, mtoto aruke.

Nilikuwa na sehemu nzima kuhusu wasikilizaji ambao tayari wako upande wako. Naiacha.

Neno dogo tu kuhusu nani atangulie kati ya pande mbili, maana mtaulizwa. Miller na Campbell, wanasaikolojia wa Marekani, walilijaribu mwaka 1959 kwa kuwapa watu pande mbili za kesi ya fidia. Pande zilipofuatana papo kwa papo na hukumu ikatolewa wiki moja baadaye, aliyetangulia alifaidika. Pande zilipotenganishwa kwa wiki moja na hukumu ikatolewa palepale baada ya upande wa pili, aliyekuja mwisho alifaidika. Hiyo ni zamu ya pande mbili, si mpangilio wa hoja ndani ya hotuba moja, na kwenye midahalo yetu kura hupigwa palepale bila wiki yoyote katikati, kwa hiyo haituhusu sana.

Nimemaliza, mwenyekiti. Naona mikono sita. Kabla sijamchagua wa kwanza: ni wangapi wanataka kuniuliza kuhusu Miller na Campbell?

Wote sita. Haya, mama wa kitenge cha bluu, anza wewe.