Nani Akeshe Wiki Hii? Kupanga Kikao cha Dar, Toronto na Sydney

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za mchana.

Niliratibu kikundi cha watu watatu tuliokuwa tukitafsiri programu za simu kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, dada mmoja Toronto, kaka mmoja Sydney. Kila Jumatano tulikutana saa tisa alasiri ya kwangu. Mwezi wa Julai Toronto wako nyuma yetu kwa saa saba, na Sydney wametutangulia kwa saa saba. Saa tisa yangu ilikuwa saa mbili asubuhi kwa dada, saa nne usiku kwa kaka. Nikaona wote tuko macho, basi yamekwisha.

Kaka hakulalamika. Alianza kuchelewa, kisha akawa anazima kamera, mwishowe akaacha kupinga jambo lolote. Itazameni sana dalili hiyo. Mtu mwenye usingizi hukubali kila kitu ili kikao kiishe, na sisi tulidhani tumeelewana.

Tukakaa tukakubaliana bei ya kila saa. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ni sifuri. Ukiamka mapema kidogo, saa moja au saa mbili, ni pointi moja. Vivyo hivyo jioni hadi saa mbili usiku. Saa kumi na mbili alfajiri ni pointi mbili, sawa na saa mbili hadi saa nne usiku. Saa nne hadi saa sita usiku ni tatu. Baada ya saa sita mpaka alfajiri hapawekwi kikao, hata kwa zamu.

Kwa hesabu hiyo, vikao vitatu vya saa tisa alasiri vilinigharimu mimi sifuri, dada tatu, kaka tisa. Ukijumlisha zote unapata kumi na mbili, na hapo ndipo wengi hupotea. Ratiba mpya tuliyoipata ina jumla kubwa zaidi, kumi na nne. Anayetafuta jumla ndogo ataendelea kumbebesha mtu yuleyule kila wiki. Mimi hutazama mzigo wa aliyelemewa kuliko wote, kwa sababu huyo ndiye atakayeondoka.

Ratiba yenyewe ni zamu tatu. Wiki ya kwanza anakesha Sydney, saa nne usiku, kama zamani. Wiki ya pili nakesha mimi: saa tano usiku Dar, saa kumi alasiri Toronto, saa kumi na mbili alfajiri Sydney. Wiki ya tatu anakesha dada: saa tano usiku Toronto, saa kumi na mbili alfajiri kwangu, saa saba mchana Sydney. Zamu zikizunguka, mimi nina tano, dada nne, kaka tano.

Angalieni siku pia. Usiku wangu wa Jumatano ni Alhamisi alfajiri Sydney, na asubuhi yangu ya Jumatano bado ni Jumanne usiku Toronto. Zamu yangu ikiangukia Ijumaa, kaka anaamshwa Jumamosi.

Sasa majira. Dar saa hazibadiliki. Sydney husogeza mbele Jumapili ya kwanza ya Oktoba na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Aprili. Toronto hurudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba na kusogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi. Kwa hiyo Januari tofauti yetu ni saa nane kila upande. Ukifunga vikao vyote kwenye saa ya Dar, kaka wa saa nne usiku atajikuta saa tano, na dada ataingia zamu yake saa nne badala ya tano.

Dawa yake ni kukifunga kila kikao kwenye saa ya anayekesha. Kwenye kalenda, zamu ya kwanza iwekwe `Australia/Sydney`, ya pili `Africa/Dar_es_Salaam`, ya tatu `America/Toronto`. Hivyo usiku wa mkeshaji hausogei. Wanaosogea ni wale wengine. Januari dada huingia zamu ya Sydney saa kumi na mbili alfajiri, nami huingia zamu yake saa moja asubuhi. Tukapiga hesabu upya: mimi nne, dada tano, kaka nne.

Na kwenye mwaliko andikeni 15:00, msiandike “saa 9”. Dada alikuwa ameshazoea saa za Kizungu, na mara mbili alifika saa moja baada ya sisi kuanza, kwa sababu kwake saa tisa ni ya asubuhi.

Bei hizi si sheria. Kaka alipopata mtoto, alfajiri ikawa ngumu kwake kuliko usiku, akaomba saa kumi na mbili ihesabiwe tatu. Tukaibadilisha siku hiyohiyo.