Mizani Haisemi Umepungua Nini

Asanteni. Nimepewa nusu saa, na waliowahi kunisikiliza wanajua nitaimaliza karibu yote kwenye misuli. Vumilieni. Dawa za sindano za kupunguza uzito mmeshazisikia, na najua humu wapo wenye kalamu ya sindano kwenye friji, kwa hiyo nazipitia haraka.

Ukila, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Inaichochea kongosho itoe insulini, inalichelewesha tumbo kumwaga chakula, na inaupelekea ubongo habari kwamba umeshiba. Homoni yenyewe hudumu dakika chache tu. Semaglutaidi, iliyomo kwenye Ozempic na Wegovy, imetengenezwa ifanye kazi hiyohiyo, ila baada ya wiki nzima nusu yake bado imo mwilini. Ndiyo maana unachoma mara moja kwa wiki. Tirzepataidi, ile ya Mounjaro, inaiga homoni mbili kwa pamoja.

Kwa hiyo haiyeyushi kitambi. Inakuondolea njaa, unakula kidogo, mwili unakula akiba yake. Na inafanya kazi, msinielewe vibaya. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, watu wanene wasio na kisukari walitumia semaglutaidi kwa wiki 68 wakapungua wastani wa asilimia 15 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa, kwa ushauri uleule wa chakula na mazoezi, walipungua kama asilimia 2. Anayewaambia kwamba dawa hizi ni za wavivu, mwambieni unene ni maradhi, kisha mwacheni na maneno yake.

Sasa nifike kwangu. Mwili unaokosa chakula hufanya kama mfanyabiashara aliyefilisika: huuza shehena, kisha hung'oa na rafu. Shehena ni mafuta. Rafu ni misuli. Katika jaribio hilohilo, kikundi kidogo kilipigwa picha za kupima mwili, ikaonekana kwamba karibu asilimia 40 ya kilichopotea hakikuwa mafuta. Si yote ilikuwa misuli, humo mna maji na vinginevyo. Tirzepataidi, katika jaribio lake, ilionyesha kama robo. Na anayejinyima chakula bila dawa yoyote naye hupoteza misuli, kwa hiyo lawama si ya sindano peke yake. Tofauti ni kwamba sindano inakupunguza sana, na inakupunguza bila njaa kukushtua.

Niwape mfano. Mama mmoja, fundi cherehani, umri miaka 54. Alianza na kilo 94, akafika 80. Watu wakampongeza, shoga zake wakataka namba ya daktari. Kilichomleta ni kwamba akisujudu hawezi kuinuka mpaka ashike kigoda. Nyumbani walishaanza kusema amefanyiwa jambo. Nikamuuliza anakula nini. Asubuhi chai na nusu andazi. Mchana vijiko vichache vya wali na mchuzi, nyama anaiacha kwa sababu inamkinai. Usiku chai tena. Protini hapo haifiki hata gramu 25 kwa siku.

Nikampa kiti kisicho na mikono, nikamwambia akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano, haraka awezavyo. Alitumia sekunde 19. Ukizidi 15, misuli imeanza kudhoofika. Kipimo hiki hakina gharama, fanyeni leo mkifika nyumbani, ila mama mzee asimamiwe na mtu.

Tulianza na sahani. Anayepungua kwa dawa anahitaji takriban gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, na kwake hiyo ni kama gramu 95. Mtu asiye na njaa atazilaje? Kwa kubadili mpangilio: kitoweo kwanza, ugali mwisho, ukibaki ubaki. Asubuhi mayai mawili na glasi ya maziwa, hapo ana kama 20. Mchana samaki wa ukubwa wa kiganja na nusu kikombe cha maharage, 30 hivi. Alasiri mtindi na konzi ya karanga, 15. Usiku dagaa wakavu gramu 30, waliooshwa mchanga, na dengu kidogo, kama 24. Jumla inakaribia 90, na hakuna kopo la unga wa kuagiza nje. Mwenye maradhi ya figo asinifuate hapa, amuulize daktari wake kwanza.

Halafu mazoezi. Naona dada pale nyuma ananitazama: mimi nafua, nafagia, nabeba ndoo kila siku, mazoezi gani tena? Ndoo yako, dada, ni lita 20 jana, lita 20 leo, lita 20 mwakani. Mwili uliizoea zamani, hauna sababu ya kujenga kitu. Na wale wanaotembea jioni, hongereni, moyo unawashukuru, lakini paja halijengeki kwa matembezi. Misuli inataka mzigo unaoongezeka.

Mama yule alikuwa akifanya mara mbili kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Kuinuka kitini mara 8 hadi 12, seti tatu, amekumbatia dumu. Pushapu za ukutani, kisha za kwenye meza. Kuinama kidogo na kuvuta dumu kuelekea ubavuni. Kuinuka kwa vidole vya miguu. Kanuni ni moja: mara mbili za mwisho ziwe ngumu kwelikweli. Ukifika 12 unapiga stori, ongeza maji. Alianza na dumu la lita 3, akafika 10. Baada ya miezi minne zile sekunde 19 zikawa 11. Akaja kulalamika kwamba mizani imegoma. Nikamuuliza, na gauni? Akacheka, alikuwa ameshalipunguza kiunoni mwenyewe.

Kwa nini nang'ang'ania? Kwa sababu sindano huachwa: pesa zinaisha, dawa inaadimika dukani. Wale wa jaribio la wiki 68 walifuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, wakawa wamerudisha kama theluthi mbili ya walichopunguza. Kinachorudi huwa zaidi mafuta, rafu haijirudishi yenyewe. Denmaki walijaribu liraglutaidi, ndugu mkubwa wa dawa hizi. Mwaka mmoja baada ya dawa na mazoezi kusimamishwa, waliokuwa wamefanya mazoezi chini ya usimamizi walirudisha uzito kidogo kuliko waliotegemea dawa peke yake.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka. Dozi inaanzia miligramu 0.25, inapanda kila wiki nne, na ya juu kwenye Wegovy ilipoidhinishwa ni 2.4, ukianzia dozi ya shoga yako utatapika mpaka ujute. Anayetaka kushika mimba aache semaglutaidi angalau miezi miwili kabla. Ambaye katika ukoo wao kuna saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula asiiguse. Maumivu makali ya tumbo yanayokwenda mgongoni na hayatulii, nenda hospitali usiku huohuo, inaweza kuwa kongosho. Na kalamu za kununuliwa mitandaoni, jamani: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic bandia, na kabla ya hapo, Austria, watu waliishia hospitalini sukari ikiwa imeshuka, ikashukiwa kwamba ndani mlikuwa na insulini. Nilikuwa na habari za vidonge pia, hizo nimeziacha. Dada wa ndoo, naona umenyoosha mkono, anza wewe.